Nyanya Hakuomba Ndoo

Wacha nikiri mapema. Mwaka jana nilipewa barua ya kurasa mbili nitafsiri kwa Kiingereza. Nikaitafsiri kwa mistari mitatu, na hiyo mistari mitatu ikawa uongo. Sikudanganya makusudi. Nilifanya tu vile wengi wetu hufanya: nikaruka salamu, nikaruka methali, nikatafuta "pointi".

Barua ilikuwa ya nyanya yangu. Wewe labda unamwita shosh, kukhu ama dani. Sisi ni watu wa Mombasa, kwetu ni nyanya. Hapendi simu kwa sababu masikio yamechoka, lakini kalamu anaiweza. Alikuwa anamwandikia binamu yangu aliyezaliwa Leeds, Uingereza, ambaye baba yake, yaani mjomba wangu, alifariki akiwa bado mdogo. Kiswahili cha binamu ni "jambo", "asante" na jina la chapati. Kwa hivyo mtoto wa shangazi akapiga picha ya barua, akaituma kwenye grupu ya familia, na mimi wa Nairobi niliyepata A ya Kiswahili nikaambiwa, "Mtafsirie mwenzako."

Nilikuwa kwenye matatu. Nikakuza picha kwa vidole viwili, nikapitia haraka, nikamwandikia binamu: "She's fine. She got the money for the water tank. Says hi to everyone. Oh, and I think she wants a bucket."

Akanitumia kidole gumba. Kazi imeisha.

Baada ya wiki kama sita mama akaenda Mombasa. Akarudi uso umebadilika. Nyanya amekonda hadi bangili zinateleza, na amekuwa akitibiwa mapafu kwa muda. Mama alipomuuliza mbona hakumwambia mtu, alijibu bila hasira: "Nilimwandikia mjukuu wangu. Hakujibu."

Manze, nilienda kuifungua ile picha tena usiku huo. Na nikaona kwamba kila kitu kilikuwa humo. Kilikuwa tu pale nilipodhani hakuna kitu.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hata picha yenyewe sikuwa nimeisoma. Ilikuwa imepigwa usiku kwa flashi, kwa hivyo katikati kulikuwa na doa jeupe. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umemeza mstari mmoja mzima, na ukingo wa kushoto ulikatwa. Nyanya ni wa ile shule ya zamani, karatasi ikijaa anaigeuza na kuandika ubavuni. Kwenye ukingo nilikuwa nimeona neno moja tu, "Ndoo". Na kwa sababu barua ilizungumzia tangi la maji, akili yangu ikafunga hesabu: anataka ndoo.

Nikaomba picha mpya. Safari hii nikatoa maagizo: mchana, karibu na dirisha, flashi imezimwa. Karatasi ilazwe mezani na mkunjo unyooshwe. Simu ishikwe sambamba na karatasi, isiinamishwe, na pembe zote nne zionekane ndani ya picha. Kama wino wa upande wa pili unajitokeza, weka kitu cheusi chini ya karatasi, utaona unafifia. Kisha piga nyuma pia, hata kama unadhani nyuma ni tupu.

Picha mpya ilipokuja nikasoma ule ukingo wote: "Ndoo mapema, mwanangu, mato yangu yangali yaona."

Kama umekulia Nairobi, hapo unaweza kukwama. Kiswahili cha Mombasa, Kimvita, kina "nd" mahali ambapo sanifu ina "nj", na "t" mahali pengi ambapo sanifu ina "ch". Njia ni ndia. Macho ni mato. Na njoo ni ndoo. Nyanya hakuomba ndoo. Alisema: njoo mapema, mwanangu, macho yangu bado yanaona.

Basi nikaamua kuifanya hii kazi kama kazi. Kabla ya neno lolote la Kiingereza, nilichapa barua yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, jinsi alivyoandika, bila kumsahihisha. Pale ambapo sikuweza kusoma niliweka nukta tatu, sikubahatisha. Halafu nikahesabu mistari kwenye picha na mistari niliyochapa. Hesabu ikitofautiana, kuna mstari umeruka. Ni hatua ya kuchosha, lakini ndiyo iliyonionyesha kosa langu la pili.

Kulikuwa na sentensi ambayo mara ya kwanza niliisoma, "Alisema atakuja baada ya Ramadhani." Nikadhani ni stori ya jirani fulani. Lakini mwandiko wa nyanya una kitu kimoja: "a" yake haifungi juu, kwa hivyo inafanana na "u". Kwa Kiswahili hiyo si shida ndogo, kwa sababu herufi moja mwanzoni mwa kitenzi ndiyo inayotuambia nani amefanya. "Alisema" ni mtu mwingine. "Ulisema" ni wewe.

Utajuaje? Usikodolee herufi, soma mbele. Sentensi iliendelea, "nami sikuulizi". Hiyo "ku" iliyo katikati ya "sikuulizi" ni wewe. Anaongea na binamu moja kwa moja. Kwa hivyo ni "Ulisema utakuja baada ya Ramadhani, nami sikuulizi." Ilikuwa ahadi ya binamu mwenyewe, na nyanya anamkumbusha kwa kusema kwamba hamkumbushi.

Sasa tuje kwenye Kiingereza, na hapa ndipo nina maoni makali kidogo. Hii ndiyo barua, nimeifupisha kidogo na kuomba ruhusa ya familia:

"Kwa mjukuu wangu mpenzi, mume wangu mdogo. Salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Natumai u mzima. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo kidogo, Alhamdulillahi. Pole na baridi ya huko, baba. Ama baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa pesa ulizotuma nimezipata na tangi la maji limewekwa. Shangazi zako wote wakusalimu. Ulisema utakuja baada ya Ramadhani, nami sikuulizi. Wajua tena, mwenda tezi na omo. Sina mengi. Wasalaam, ni mimi nyanyako."

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki ina salamu, kisha madhumuni, kisha hitimisho. Kwa hivyo jicho langu lilikimbilia kwenye neno "madhumuni". Hapo nyanya anazungumzia tangi. Lakini tangi ni kisingizio cha heshima cha kuandika. Mzee wa Pwani hafungui barua kwa kusema anaumwa na anataka uje. Anakusalimu, anakushukuru, na lile jambo zito analiweka pembeni, mahali ambapo mtu anayempenda atalipata. Kuna barua ambazo madhumuni yake hayako kwenye aya ya madhumuni, na zile za wazee wetu ni nyingi kati ya hizo.

Chukua "sijambo kidogo". Mimi niliandika "She's fine." Ukitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama "I am slightly fine", ambacho si Kiingereza na si nyanya. Lakini fikiria ni lini mtu wa Pwani anasema hivyo. Mgonjwa akipata nafuu tunasema hajambo, na ikiwa nafuu yenyewe ni ndogo tunasema hajambo kidogo. Mtu mzima kabisa atajibu tu "sijambo". Hilo neno "kidogo" linamaanisha kulikuwa na ugonjwa na haujaisha. Na "Alhamdulillahi" inayofuata inalifunika kama leso. Tafsiri yangu ya pili ilisema, "As for me, if you ask, I am a little better now, Alhamdulillah." Maneno "better now" yanamfanya msomaji ajiulize, nafuu kutoka kwa nini? Na hilo ndilo swali ambalo nyanya alitaka liulizwe. "Alhamdulillah" niliiacha kwa sababu kwao Leeds wanaitumia kila siku. Ingekuwa familia nyingine ningeandika "thank God".

Halafu kuna majina ya kuitana. "Mume wangu mdogo" inanifanya nicheke, kwa sababu sisi wajukuu wa kiume wote tumeitwa hivyo tangu tukiwa wachanga. Ni utani wa bibi na mjukuu. Lakini mwazie kijana wa Leeds akifungua barua na kusoma "my husband". Atashtuka. Kuna mtu kwenye familia aliniambia nifute tu, niandike "my dear". Nilikataa. Ukifuta hapo, umemfuta nyanya mwenyewe na kicheko chake. Nikaandika, "To my beloved grandson, my little husband, as I have always called you." Hayo maneno ya mwisho nyanya hakuyaandika, lakini ni ya kweli, na yanampa binamu kile ambacho mimi na wewe tunacho tayari kichwani: kwamba huu ni utani wa zamani.

Na "baba" je? "Pole na baridi ya huko, baba." Ukiandika "Sorry for the cold, father", umeharibu mara mbili. Nyanya hajakosea chochote hadi aombe msamaha, na binamu si baba yake. "Pole" ni kumwambia mtu kwamba unaona mzigo wake. Na kumwita mtoto "baba" ni kumbembeleza. Niliandika, "I think of you in all that cold, my dear boy." Neno "pole" limepotea na neno "baba" limepotea, lakini mkono wa nyanya begani bado upo.

Unaona tofauti? Kwenye "mume wangu" niliweka neno na kuongeza maelezo. Kwenye "baba" nililiacha neno na kubeba mapenzi yake. Hakuna sheria moja. Swali ni lile lile kila mara: binamu akisoma hapa, atahisi kile ambacho mimi nahisi nikisoma Kiswahili?

Sasa ile methali. "Mwenda tezi na omo" ni nusu tu. Methali kamili ni "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ni methali ya mabaharia wa majahazi. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni kule chini tumboni, maji yanapokusanyika na kufutwa. Baharia atazunguka nyuma na mbele, lakini mwishowe atarudi ngamani. Yaani zunguka dunia yote, nyumbani utarejea.

Wazee hupenda kukata methali katikati, na si kwa kusahau. Wanakuachia nusu ya pili uimalizie moyoni, na ukiimalizia unakuwa umejiambia mwenyewe. Nyanya hakuandika popote "rudi nyumbani". Alimwachia binamu aseme. Shida ni kwamba binamu hana hiyo nusu ya pili. Kwake sentensi inaishia hewani.

Kulikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kutafuta methali ya Kiingereza, "East or west, home is best." Maana inakaribia, lakini jahazi limezama, na nyanya ghafla anasikika kama kadi ya dukani. Ya pili ni kutafsiri nusu ileile aliyoandika, "one who goes to stern and bow", na kumwacha binamu akikuna kichwa. Mimi nikaandika, "You know how it is with a sailor: he can walk to the stern and up to the bow, but in the end he comes back down to the hold." Nimemalizia nusu ya pili. Kila msomaji wa Mombasa angeimalizia mwenyewe, kwa hivyo sijaongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Lakini kuna mpaka, na hapa nitabishana na baadhi ya jamaa zangu. Walisema, "Kwa nini usimwambie tu wazi? Andika kwamba anaumwa na anamtaka." Ningeweza kumpigia binamu simu na kumwambia hivyo kama mimi, na mama alitaka nifanye hivyo. Lakini ndani ya barua, hapana. Nyanya alikuwa na uwezo wa kuandika "naumwa". Anajua hilo neno. Aliamua kutolitumia kwa sababu hataki mjukuu aje kwa kulazimishwa. Nikigeuza kidokezo chake kuwa amri, nitakuwa nimempokonya heshima aliyojiwekea. Kama yeye amedokeza, tafsiri nayo idokeze. Kazi yangu ni kuhakikisha kidokezo kinasikika hadi Leeds.

Salamu za shangazi pia sikuzikata. Kwenye barua halisi amewataja wote kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na jirani. Kwa Kiingereza orodha kama hiyo inachosha, najua. Lakini kwa kijana aliyekua mbali, kila jina ni ushahidi kwamba kuna mtu Mombasa anayejua kwamba yeye yuko. Nikaacha majina yote, nikaongeza uhusiano pale ambapo binamu hangejua nani ni nani. Na ule mstari wa ukingoni nikauweka mwisho kabisa, chini ya sahihi, ukiwa peke yake kama alivyouweka yeye: "Come soon, my child, while my eyes can still see."

Kabla ya kusema chochote, nilimtumia binamu tafsiri nzima pamoja na picha, ili aone mwandiko hata kama hausomi. Kisha nikamuuliza swali moja tu: unadhani nyanya anataka nini? Hili ndilo jaribio ambalo sasa naliamini kuliko kamusi. Usimweleze msomaji wako kwanza. Mwache akwambie alichosikia. Akijibu "anashukuru kwa tangi", rudi kazini, bado hujatafsiri.

Alikaa kimya kama dakika kumi. Halafu akaandika, "Is she ill? Does she want me to come?"

Najua kuna mtu atasema dunia ina haraka, nani ana muda wa mchanga wa bahari. Mimi pia nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilimgharimu nyanya wiki sita za kudhani ameandikia ukuta. Kwa hivyo kama kwenye simu yako kuna picha ya barua ambayo ulimwambia mtu "amekusalimu tu", ifungue tena leo, na uanze kusoma pale uliporuka.

Binamu alipiga simu Jumapili hiyo. Shangazi akaweka spika, akaisogeza hadi sikioni kwa nyanya. Nilikuwa nimemfundisha aanze na "Shikamoo nyanya", na aliitamka vibaya sana. Nyanya akasikiliza, akaitikia "Marahaba, mume wangu", kisha akamgeukia shangazi na kusema, "Kumbe barua imefika."